Sura ya 6: Mpaka Usiokubali Wawili

Namba gani ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu unapata 1? Mtoto wa darasa la saba atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: moja. Amepata, ila ametaja theluthi tu ya jibu. Mlinganyo x³ − 1 = 0 una mizizi mitatu, na miwili kati yake haikai kwenye mstari wa namba tuliozoea. Sura hii inafuata njia moja ya kuitafuta mizizi hiyo. Mbinu yenyewe ni ya rula na kutoa, na ina zaidi ya miaka mia tatu. Anayeitumia kwa mlinganyo huu mdogo hukuta mpaka wa ajabu: popote nchi mbili zinapokutana, ya tatu nayo ipo.

Rula juu ya mkunjo

Tujifanye hatujui kwamba jibu ni 1, tukisie 2. Chora mkunjo wa x³ − 1. Juu ya 2 mkunjo una kimo cha 7, kwa kuwa 8 toa 1 ni 7. Mteremko wake mahali popote ni 3x², hivyo hapa ni 12. Sasa laza rula iuguse mkunjo mahali hapo, ikifuata mwelekeo wake, kisha ufuate rula hiyo kushuka mpaka ikate mhimili wa chini. Kimo 7, mteremko 12: rula inaukata mhimili hatua 7/12 nyuma ya 2, yaani kwenye 1.4167. Hilo ndilo kisio jipya. Ukirudia kazi ileile kuanzia hapo unapata 1.1105, kisha 1.0106, kisha 1.0001, kisha 1.00000001.

Tazama makosa yanavyokufa. Tulipokuwa kwenye 1.0106 kosa lilikuwa takriban moja ya mia. Hatua iliyofuata lilikuwa moja ya elfu kumi, na iliyofuata moja ya milioni mia. Kila hatua kosa linajizidisha lenyewe, na namba ndogo ikijizidisha yenyewe inakuwa ndogo mno. Ndiyo sababu mbinu hii imedumu: ukishaukaribia mzizi, tarakimu sahihi zinaongezeka maradufu kila hatua.

Isaac Newton aliieleza mwaka 1669 kwa mfano wa x³ − 2x − 5, bila rula wala mkunjo, kwa hesabu tupu. Joseph Raphson aliirahisisha mwaka 1690, na Thomas Simpson akaipa sura ya jumla mwaka 1740. Kwa mlinganyo wetu, hatua moja huandikwa hivi:

N(x) = x − (x³ − 1)/(3x²)

Ukipanga upya unapata sura ambayo tutaitegemea mpaka mwisho wa safari:

N(x) = (2/3)x + 1/(3x²)

Isome kama mikono miwili. Mkono wa kwanza unachukua kisio chako na kukibakizia theluthi mbili, yaani unakivuta kuelekea sifuri. Ukiwa mbali, mkono huu ndio unaofanya kazi yote, kwa sababu 1/(3x²) ni kidogo kupita kiasi. Ukiwa karibu na sifuri mambo yanageuka. Anzia 0.01 na mkono wa pili unakurusha hadi 3333.34. Rula pale imelala karibu sambamba na mhimili, hivyo inaukata mbali sana. Ukianzia kwenye sifuri yenyewe rula imelala kabisa, haikutani na mhimili popote, na safari inakufa hapohapo. Ikumbuke hiyo sifuri, maana fujo yote inayokuja inazaliwa kwake.

Mizizi miwili iliyojificha

Namba changamano zina sehemu mbili, ya halisi na ya dhahania, kwa hiyo tunazipanga kwenye bapa kama ramani: halisi kwenda mashariki, dhahania kwenda kaskazini. Kwenye ramani hiyo mizizi mitatu ya mlinganyo wetu imekaa juu ya duara lenye nusu kipenyo 1, imeachana kwa nyuzi 120 kama mafiga matatu. Tuite A ule wa 1, B ule wa −0.5 + 0.866i, na C ule wa −0.5 − 0.866i, ambao ni taswira ya B kwenye kioo.

Hatuwezi kulaza rula tena, kwa kuwa mchoro wenyewe ungehitaji pande nne. Hata hivyo fomula haihitaji rula. Ina kuzidisha, kugawanya na kujumlisha tu, na namba changamano zinafanya yote hayo. Basi tunaweza kuanzia popote kwenye bapa, tukarudia N, tukaangalia tunaishia kwa nani. Vianzio vyote vinavyoishia kwa A tutaviita bonde la A, kama tunavyoliita bonde la mto eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mto huo. Vivyo hivyo kwa B na C. Swali linalobaki ni la mpimaji ardhi: mipaka ya mabonde haya inapita wapi?

Arthur Cayley wa Cambridge aliliuliza swali hilo kwa maandishi mwaka 1879. Akaanza na mlinganyo wa kipeo cha pili, z² − 1 = 0, wenye mizizi 1 na −1, na jibu likatoka safi. Mhimili wa kaskazini–kusini unaopita sifuri unaigawa ramani nusu kwa nusu. Kila kianzio cha mashariki kinakwenda 1, kila cha magharibi kinakwenda −1. Aliye jirani zaidi na mzizi ndiye wake. Walio juu ya mpaka wenyewe wanarukaruka juu yake bila kufika popote.

Baada ya hapo mtu yeyote angekisia kwamba kwa kipeo cha tatu kutakuwa na vipande vitatu sawa, kila mzizi na nyuzi zake 120, kama keki iliyokatwa. Cayley hakulikubali kisio hilo. Aliona kwamba kipeo cha tatu kina ugumu mkubwa, akaliacha suala wazi.

Karibu karne moja baadaye, mwaka wa masomo 1976–77, John Hubbard alikuwa akifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kule Orsay, karibu na Paris. Mbinu ya Newton ilikuwa kwenye mtaala, na yeye akajikuta hajui jibu la swali la kawaida kabisa: kama mlinganyo una mizizi mingi, uanzie wapi ili ufike kwa huu badala ya ule? Kompyuta ikachukua vianzio kimoja kimoja, ikavipa rangi kulingana na mzizi viliofikia. Vipande vitatu vya keki vilionekana kwa mbali. Kwenye mipaka, hata hivyo, hapakuwa na mistari.

Mali ya A katikati ya B na C

Hatuhitaji kompyuta kuona kilichotokea. Chukua mpaka ambao keki ingetupa kati ya B na C: mhimili wa magharibi, yaani namba hasi. Keki ingesema huo ni mstari mwembamba usio wa mtu. Anzia −100. Mkono wa kwanza unakuvuta: −66.7, −44.4, na kuendelea hivyo hadi uisogelee sifuri. Ukishafika karibu nayo, mkono wa pili unakurusha. Kwa kuwa x² ya namba hasi ni chanya, unarushwa mashariki, na huko unavutwa taratibu mpaka A. Kumbe mstari uliodhaniwa kuwa mpaka wa B na C, karibu wote ni mali ya A, ambaye nyumbani kwake ni upande wa pili wa ramani.

Isipokuwa vituo vichache. Kianzio kinachotua sifuri kamili hakirushwi popote, safari yake imeishia hapo. N(x) inatoa sifuri pale x³ inapokuwa −1/2, yaani kwenye −0.7937. Ukiuliza tena ni namba gani hasi inayotua kwenye −0.7937, unapata takriban −1.43. Nyuma yake kuna −2.25, na mfululizo unaendelea kuelekea magharibi bila kukoma. Kati ya kituo na kituo, eneo la A limevimba kama ushanga, na kwenye kila kituo limebanwa mpaka likawa nukta. Mpaka wa B na C umegeuka mkufu wa shanga za A.

Kwa nini limebanwa? Rudi kwenye sifuri, uzunguke kando yake kwa duara dogo mno. Hapo mkono wa pili ndio unaotawala, na 1/(3z²) inafanya mambo mawili: inakurusha mbali, na inazidisha pembe yako kwa mbili huku ikiigeuza upande. Ukizunguka mara moja, picha yako kule mbali imezunguka dunia mara mbili. Kule mbali, tukiacha mikufu iliyoko mipakani, rangi zimekaa katika vipande vitatu, maana mkono wa kwanza unakuvuta moja kwa moja bila kubadili mwelekeo. Vipande vitatu mara mbili ni sita. Basi kuizunguka sifuri unakutana na A, C, B, kisha tena A, C, B. Sifuri ni njia panda ya vipembe sita.

Na kila nukta inayotua sifuri hurithi njia panda hiyo. Nukta hizo ni tatu: −0.7937 na wenzake wawili waliogeuzwa nyuzi 120. Kila mmoja wao ana watatu wanaotua juu yake, jumla tisa, kisha ishirini na saba, bila mwisho. Kila kituo kina nakala ndogo ya vipembe sita, imepinda kidogo na kunywea, lakini rangi zote tatu zimo. Ndiyo maana picha ukiikuza unakuta picha ileile. Umbo la namna hiyo, lenye sehemu ndogo inayofanana na zima lake kadiri unavyozidi kuingia, huitwa fraktali.

Tujaribu kwa namba karibu na kituo cha kwanza. Chukua vianzio vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vimeachana kwa 0.01 tu.

Cha katikati ni −0.8. Hatua ya kwanza inakipeleka −0.0125, ya pili inakirusha hadi 2133.3. Kisha kinavutwa theluthi mbili, theluthi mbili, kwa hatua kama kumi na tisa, na kutulia kwa A.

Cha juu ni −0.8 + 0.01i. Hatua ya kwanza kinatua karibu na −0.0127 + 0.0197i. Tofauti ndogo ya kimo imegeuka tofauti kubwa ya pembe, kwa kuwa sasa tuko kando ya sifuri. Hatua ya pili kinarushwa hadi karibu na −248 + 553i, kaskazini-magharibi, kwenye pembe ya nyuzi 114. B yuko kwenye nyuzi 120. Kinavutwa kumwelekea na kuishia kwake.

Cha chini, −0.8 − 0.01i, ni taswira ya cha juu kwenye kioo, hivyo kinaishia kwa C. Majirani watatu wa ukuta mmoja wameishia kwenye mafiga matatu tofauti. Anayekijua kianzio chake kwa tarakimu mbili tu za desimali hawezi kukuambia atafika wapi.

Popote walipo wawili, wa tatu yupo

Kwenye ardhi ya kawaida mabonde mawili ya mito hutenganishwa na mgongo wa vilima, na unaweza kutembea siku nzima juu ya mgongo huo, mvua ya kushoto ikienda mto mmoja na ya kulia mto mwingine. Mabonde matatu hukutana mahali pachache, kwenye kilele kimoja hapa, kingine kule. Kwenye ramani yetu hakuna mgongo wa wawili. Kila nukta ya mpaka ni kilele cha watatu.

Sababu iko mikononi mwetu tayari. Chukua nukta yoyote ya mpaka na uizungushie duara, dogo kadiri upendavyo. Vituo vinavyoishia sifuri vimetapakaa mpaka wote, vimesongamana kiasi kwamba hakuna duara la namna hiyo lisilokuwa na kituo ndani yake. Na kila kituo kina vipembe sita vyenye rangi zote tatu. Kwa hiyo huwezi kusimama kwenye mpaka wa B na C bila A kuwemo ndani ya duara lako. Ukijaribu kuwagusanisha wawili peke yao, wa tatu ameshapenya katikati. Mwaka 1917 Kunizo Yoneyama wa Japani alieleza maeneo yenye sifa hiyo kwa mfano wa maziwa yanayochimbiwa mifereji kisiwani, akautaja kuwa ni wa mwalimu wake, Takeo Wada. Katika miaka hiyohiyo Gaston Julia na Pierre Fatou wa Ufaransa walijenga nadharia ya marudio ya fomula kama N, nao hawakuwa na mashine ya kuwachorea walichokithibitisha.

Msomaji asidhani basi kwamba mbinu ni bahati nasibu. Mpaka huu, pamoja na mikunjo yake yote, hauna eneo. Ukichoma bapa kwa sindano bila kuangalia, utaangukia ndani ya bonde fulani na utafika kwenye mzizi.

Madoa meusi mawili

Anayetaka kuiona ramani kwa macho yake anahitaji mistari michache ya Python. Kitendo hiki kinapokea kianzio na kurudisha mzizi uliofikiwa (0 kwa A, 1 kwa B, 2 kwa C) pamoja na idadi ya hatua:

```python
mizizi = [1, complex(-0.5, 0.8660254), complex(-0.5, -0.8660254)]

def fuata(z, kikomo=60):
    for hatua in range(1, kikomo + 1):
        if z == 0:
            return None, hatua
        z = z - (z**3 - 1) / (3 * z**2)
        for k, m in enumerate(mizizi):
            if abs(z - m) < 1e-6:
                return k, hatua
    return None, kikomo
```

Kila nukta ya skrini inapewa rangi ya mzizi wake, na `None` tunaipaka nyeusi. Weusi huo ndio wa kuutilia shaka. Jaribu `fuata(-0.7937)`. Kompyuta itasema haikufika. Si kweli. Kianzio hicho kimekikosa kituo kwa nusu ya moja ya milioni tu, kwa hiyo kinatua pua na mdomo na sifuri, kisha kinarushwa umbali wa takriban bilioni 300. Kurudi kutoka huko kwa theluthi mbili kila hatua kunadai hatua kama 65, na sisi tumeipa 60. Ongeza kikomo hadi 100 na doa jeusi linakuwa la A. Huo ni weusi wa kukosa subira.

Upo weusi mwingine ambao subira haiutibu. Badilisha mlinganyo uwe z³ − 2z + 2 = 0. Anzia 0: kimo ni 2, mteremko −2, unakwenda 1. Kwenye 1 kimo ni 1 na mteremko ni 1, unarudi 0. Utapiga danadana hiyo milele. Tena si 0 peke yake. Anzia 0.1 na utapata 1.014, 0.080, 1.009, 0.052, 1.004, 0.023: kianzio hakitoroki, kinazidi kuvutwa ndani ya mzunguko. Hapa weusi ni bonde halali lenye eneo, na ukiongeza hatua hadi milioni litabaki jeusi. Mizizi ipo, mmoja wake uko kwenye −1.7693. Anzia −2 na hatua mbili tu zinakufikisha −1.770.

Kwa kipeo cha tatu kuna kipimo cha kutambua hatari hii mapema, na kinatokana na nadharia ya Fatou na Julia. Mzunguko wowote unaovuta vianzio lazima uivute pia ile nukta ambapo mkunjo unabadili upande wa kupinda. Kwa mlinganyo wa sura z³ + pz + q, nukta hiyo ni 0. Fuatilia kianzio kimoja tu, 0. Kikifika kwenye mzizi, hakuna bonde jeusi popote kwenye bapa. Kwa z³ − 2z + 2 hiyo 0 ndiyo ileile iliyonaswa kwenye danadana. Kwa z³ − 1 inarushwa kusiko na mwisho, mahali pasipovuta mtu, na ndiyo maana ramani yetu haikuwa na bonde la nne.

Jibu la darasani

Swali la Orsay lilikuwa: nianzie wapi? Mwaka 2001 Hubbard, akiwa na Dierk Schleicher na Scott Sutherland, alichapisha jibu. Fujo yote inazaliwa katikati, karibu na pale mteremko unapokufa. Lakini bonde la kila mzizi, hata la mlinganyo wenye bonde jeusi, lina mlango mpana unaofunguka kuelekea mbali kusiko na mwisho. Kwenye ramani yetu milango hiyo ni vile vipande vitatu vya keki, ambavyo kwa mbali vilikuwa vya kweli. Basi panga vianzio kwenye duara nje ya mizizi yote, vya kutosha ili kila mlango upate angalau kimoja. Walithibitisha kwamba, mizizi ikiwa imo ndani ya duara la nusu kipenyo 1, vianzio visivyozidi 1.11·d·(log d)² vinatosha kwa mlinganyo wowote wa kipeo d, mradi kwa vipeo vikubwa vianzio vitandazwe kwenye duara kadhaa badala ya moja. Kwa kipeo cha 100 hiyo ni chini ya 2,400.

Akili ya kwanza ingetuambia tuanzie karibu na mizizi, katikati yake, ili safari iwe fupi. −0.8 + 0.01i ilikuwa karibu na B na C kuliko A, na ndugu zake wawili vilevile, lakini mmoja wao aliishia kwa A, baada ya kupitia umbali wa elfu mbili. Aliyeanzia mbali upande wa B anavutwa hatua kwa hatua bila kuikaribia sifuri, na tangu hatua ya kwanza unajua anakwenda kwa nani.